Taimshiti yangu ilivyonichongea

Jamani mimi taimshiti, ile fomu ya kuandika kila kazi imekula masaa mangapi, nilikuwa najaza Ijumaa saa kumi na nusu jioni, begi liko mgongoni, wiki nzima kwa mkupuo mmoja. Nakumbuka basi? Wapi! Nafungua makadirio tuliyopanga mwanzo, ripoti ya mauzo masaa 16, naandika 16. Safi kabisa, mtaalamu.

Ukweli ni kwamba ile ripoti ilinila masaa 31, maana mteja alibadilisha vichwa vya safu mara mbili, halafu jumla zikagoma kulingana na za mhasibu nikakesha nazo. Sasa wiki lazima itimie masaa 40 na mimi nina 15 yanaelea hayana kwao, nikayatupia kwenye ule mstari wa "Mikutano". Nani atahesabu?

Bosi alihesabu. Miezi mitatu baadaye tunapanga mradi mpya akatoa jedwali lake kwenye skrini, akasema nimegundua tatizo letu, watu wanamalizwa na mikutano, mwenzenu huyu peke yake masaa 15 kwa wiki! Wenzangu wakanigeukia, kikao chetu ni nusu saa Jumatatu na nusu saa Alhamisi basi. Nikakohoa.

Akafuta vikao vyote. Halafu akanipa ripoti tatu, 16 mara 3 ni 48, na kwa kuwa sasa "umepata nafasi" akaniongezea na kazi ya kuhamisha data. Ningesema nini, historia niliiandika mwenyewe kwa mkono wangu! 31 mara 3 ni 93, hapo data sijaigusa.

Wiki ya pili nimechelewa vibaya, macho mekundu, nikaenda kutubu. Alivyonuna sio kwa kuchelewa, ni kwa sababu ya zile namba, akaniambia ungeandika 31 ningejua ripoti zako zinakula karibu mara mbili ya makadirio na mteja angepewa tarehe ya kweli, sasa nina miezi mitatu ya takataka na siwezi kuisafisha maana hata wewe hukumbuki. Kweli sikumbuki.

Siku hizi najaza kila siku kabla sijafunga kompyuta, na marekebisho ya mteja yana mstari wao, hayajifichi tena ndani ya ripoti. Baada ya wiki nane tukagawa masaa halisi kwa makadirio, ripoti zikatoka 1.8 lakini fomu za kawaida 1.1 tu, kwa hiyo kimchezo changu cha kuongeza nusu kwenye makadirio ya kila kazi kikafa hapo hapo, kila aina ya kazi ina kizidisho chake.

Shida imebaki moja. Bosi aliweka na mstari wa "Kujaza taimshiti", makadirio dakika 5. Jana nikaandika ukweli, 25. Kaniitia kikao.