Kwa nini picha ya njorowe inazuiwa

Mtu akilalamika kwamba programu ya akili mnemba imekataa kumchorea picha, swali la kwanza la kumwuliza ni hili: imekataa kabla ya kuchora au baada ya kuchora? Wengi hawajui kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, na ndiyo maana wanahangaika kubadilisha maneno wakati tatizo halipo kwenye maneno.

Ukituma maelezo na jibu la kukataa likarudi papo hapo, umezuiwa kwenye mlango wa maandishi. Hapo kuna orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku, au modeli ndogo inayosoma sentensi nzima na kuipa alama kwa kila kundi: ngono, ukatili, chuki, kujidhuru. Lakini ukisubiri muda uleule ambao picha huchukua kuchorwa, kisha ukapewa mraba mweusi au picha iliyofunikwa ukungu, basi maelezo yako yalipita. Picha ilichorwa, na kichujio cha pili kikaitazama na kuikataa. Mlango huu wa pili ndio unaowasumbua zaidi watu wa Kusini wanaoshughulika na sanaa yetu, na nataka tuufungue tuone ndani.

Tumchukue mbunifu wa mabango pale Mtwara mjini anayeandaa tangazo la ngoma. Anataka mchezaji aliyevaa njorowe, na watoto wamezunguka uwanja wakitazama. Kwa wasioijua, njorowe ni kinyago cha kiwiliwili cha Wamakonde: mti mwepesi umechongwa tumbo la mjamzito na matiti, mara nyingi ukiwa na nakshi za chale tumboni, na mchezaji mwanamume hukifunga kifuani akaigiza mama mwenye mimba. Hakuna aliye uchi hapo. Aliyevaa amejifunika, na kilicho wazi ni mti. Hata hivyo mraba mweusi unarudi, pamoja na ujumbe huu:

```
Potential NSFW content was detected in one or more images. A black image will be returned instead.
```

Maana yake ni kwamba picha imedhaniwa kuwa na utupu au ngono, na badala yake inarudishwa picha nyeusi. Huo ni ujumbe wa Stable Diffusion, modeli ya kuchora picha iliyotolewa kwa umma Agosti 2022. Nautumia mfano huu kwa sababu kichujio chake kiko wazi kwa kila anayetaka kukisoma, tofauti na vya makampuni mengi ambavyo tunaviona kwa nje tu. Kinafanya kazi hivi. Picha iliyokwisha kuchorwa hupunguzwa hadi nukta 224 kwa 224, kisha hupitishwa kwenye modeli nyingine iitwayo CLIP, inayoigeuza kuwa safu ya namba 768. Safu hiyo hulinganishwa na safu nyingine 17 zilizoandaliwa mapema, kila moja ikiwakilisha dhana fulani ya ngono au utupu. Kila dhana ina kizingiti chake. Mfanano ukivuka kizingiti cha dhana hata moja, picha yote inafutwa na kuwekwa weusi.

Ona hasara iliyomo. Kwanza, picha imepunguzwa sana kabla ya kukaguliwa, hivyo mti na ngozi vinaanza kufanana, hasa mti ukiwa na rangi ya kahawia iliyong'arishwa. Pili, kichujio hakiulizi nani amevaa nini wala kwa shughuli gani. Kinapima ukaribu wa picha na dhana, basi. Matiti yaliyochongwa yako karibu na dhana ya matiti, na CLIP ilijifunza kutoka kwenye picha na maandishi ya mtandaoni, ambako njorowe ni chache mno ukilinganisha na picha za utupu.

Kisha kuna watoto. Zaidi ya zile dhana 17, kichujio kina dhana tatu za uangalizi maalumu. Mwaka 2022 watafiti walipokichambua walikuta zote tatu zinahusu mtoto, hasa wa kike. Picha ikionekana kuwa na mtoto haizuiwi kwa sababu hiyo peke yake, ila alama za dhana nyingine zote huongezewa 0.01, yaani kichujio kinakaza. Tuseme bango letu lina mfanano wa 0.192 na dhana ambayo kizingiti chake ni 0.195. Bila watoto na ikiwa na watoto, hesabu inakuwa hivi:

```
0.192 - 0.195 + 0.00 = -0.003
0.192 - 0.195 + 0.01 =  0.007
```

Jibu likizidi sifuri, picha inazuiwa. Mstari wa kwanza unapita, wa pili haupiti. Kinyago ni kilekile na mchezaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni kuwepo kwa watazamaji wadogo. Mbunifu anaweza kushinda siku nzima akibadilisha neno "njorowe" bila mafanikio, kumbe dawa ni kumchora mchezaji peke yake, akiwa na nguo inayoonekana wazi chini ya kinyago, na watoto kuwaongeza baadaye kutoka kwenye picha halisi ya uwanjani. Au, na hili ndilo ningelipendekeza, apige picha kinyago chenyewe. Modeli hizi huichora njorowe vibaya hata zinapoiruhusu.

Baada ya yote hayo, je, ule ukazaji wa 0.01 uondolewe? Hapana, na hapa sitaki nieleweke vibaya. Kati ya sehemu zote za kichujio kile, hiyo ndiyo iliyofikiriwa vizuri zaidi. Picha ya mtoto na utupu vikikutana, gharama ya kukosea kwa kuruhusu ni kubwa kuliko gharama ya bango moja kuharibika. Sio hofu ya kufikirika. Desemba 2023 watafiti wa Stanford walikuta picha zaidi ya 1,000 za unyanyasaji wa watoto kingono ndani ya LAION-5B, mkusanyiko uliotumika kufundishia modeli za aina hii, na waliouandaa wakauondoa mtandaoni. Zana ya zamani ya kupambana na uovu huo, PhotoDNA ya mwaka 2009, hutambua picha ambayo tayari iko kwenye orodha, kwa alama yake ya kipekee. Picha iliyochorwa sasa hivi haimo kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo lazima kuwe na kichujio kinachokisia, na kinachokisia kitakosea. Hata sheria yetu ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu picha za ngono za watoto kuwa kosa.

Vivyo hivyo kwa sura ya mtu halisi. Kijana akichukua picha ya msichana wa jirani kutoka kwenye simu na kutaka ivuliwe nguo, hakuna muktadha wa sanaa wa kupima hapo. Programu ikatae moja kwa moja, na ikikataa imefanya kazi yake.

Upande wa ukatili mambo ni tofauti kidogo, na watu wengi huvichanganya. Kichujio kile cha dhana 17 hakina hata dhana moja ya damu au majeraha. Mwili uliokatwakatwa ungeweza kupita, na chuchu ya mti ikazuiwa. Ndiyo maana huduma nyingi za mtandaoni huzuia ukatili kwenye mlango wa maandishi, au hutumia vichujio vya picha vinavyotoa daraja badala ya ndiyo na hapana. Microsoft, kwa mfano, hupanga ukali kwa 0, 2, 4 na 6, na mwenye programu huchagua azuie kuanzia daraja lipi. Naona huo ni mpango wa haki zaidi, kwa sababu ukatili una viwango kweli. Mwalimu wa historia Kilwa anayetaka picha ya Vita vya Majimaji, vilivyoanzia Umatumbi mwaka 1905, anahitaji wapiganaji, mikuki na majani ya mtama. Hahitaji maiti. Akiandika "wapiganaji wamejipanga msituni alfajiri, mikuki mkononi, nyuso zenye azma" atapita karibu kila mahali, na darasa litakuwa limepata picha bora. Akiandika "mauaji" na "damu imetapakaa" atazuiwa, na sioni kama ameonewa.

Kuna njia nyingine ya kuzuia ambayo haionekani kabisa: kuondoa picha mbaya kabla modeli haijafundishwa. Kampuni ya OpenAI ilifanya hivyo kwa modeli yake ya kuchora picha, DALL-E 2, mwaka 2022, ikagundua kwamba kuchuja picha za ngono kumepunguza pia picha za wanawake wa kawaida, na ikabidi irekebishe uzito wa zilizobaki. Stable Diffusion 2.0 ya Novemba mwaka huohuo nayo ilifundishwa kwa data iliyochujwa. Faida yake ni kwamba kichujio kilichowekwa mwishoni ni kipande cha pembeni, na aliyepakua modeli kwenye kompyuta yake anaweza kukiondoa, lakini modeli ambayo haikuonyeshwa kitu hukichora kwa shida. Hasara yake kwetu ni kwamba makato ya mwanzoni hayana ujumbe wala mraba mweusi. Kama njorowe zilichujwa pamoja na picha za utupu, hakuna mtu Newala atakayejua.

Sasa Kiswahili. Vichujio vingi vya maandishi vilifundishwa zaidi kwa Kiingereza. Matokeo yake yanakwenda pande zote mbili: ombi baya likiandikwa kwa lugha yetu linaweza kupenya, na ombi jema la kuchora mama anachinja kuku wa sikukuu linaweza kukwama. Baadhi ya huduma hutafsiri ombi kwa Kiingereza kabla ya kulikagua, jambo linalosaidia pale tu tafsiri inapokuwa sahihi. Dawa ya kweli ni mifano: maelfu ya sentensi za Kiswahili na picha za kwetu, zilizowekewa alama na watu wanaojua kwamba mchezaji wa njorowe hayuko uchi. Kwenye zamu za wakaguzi wanaopitia malalamiko ya waliozuiwa pia anatakiwa awepo mtu wa namna hiyo, kwa sababu mkaguzi mwenye sekunde chache kwa kila picha ataamua kwa kile anachokitambua.

Kwa mbunifu wetu, basi: asirudie ombi lilelile mara nyingi. Huduma kadhaa huhesabu makatazo kwa akaunti, na yakizidi akaunti husimamishwa kwa muda, bila kujali kwamba ni bango la ngoma. Abadilishe kitu kimoja tu kila anapojaribu, aanze kwa kuondoa watoto, kisha aongeze nguo, kisha asogeze mchezaji mbali ili kiwiliwili kisijaze picha, ili ajue ni kipi hasa kilichokwamisha. Akituma malalamiko, aweke maelezo aliyoandika neno kwa neno, saa ya kukataliwa, na picha halisi ya njorowe, iliyopigwa makumbusho au uwanjani, yenye sentensi mbili za kueleza ni nini na kinavaliwaje. Mkaguzi aliye mbali hana namna nyingine ya kujua.