Meli ya Angani Ikishashusha Mzigo, Itarudi na Nini?

Ijumaa iliyopita tulikaa kwenye mlima wa Sachangwan kwa muda wa karibu saa nne, nyuma ya lobedi, lile trela la chini la mizigo mizito, iliyobeba transfoma. Kichwa kimoja kilikuwa kinavuta na kingine kinasukuma kwa nyuma, mataniboi wanatembea kando wakiwa na vigingi vya mbao tayari kutupa chini ya tairi. Mimi nilikuwa abiria tu kwenye matatu, ingawa kupanga safari za mizigo ya aina hiyo ndiyo kazi inayonilisha hapa Nakuru. Kijana mmoja kiti cha mbele akatoa simu akatuonyesha video ya meli ya angani, ile ndefu ya fedha yenye umbo la samaki, ikishusha kontena katikati ya msitu. "Wazungu washatoka huko kwa barabara," akasema. "Hii haihitaji barabara, haihitaji uwanja, ni heliamu tu inabeba." Matatu nzima ikakubali.

Mimi sikukubali, na sikupata nafasi ya kueleza, kwa hivyo naeleza hapa.

Kijana yule hakukosea kuhusu kiu yenyewe. Kuna mizigo ambayo haigawanyiki. Transfoma ya tani 60 huwezi kuikata vipande uipeleke kwa awamu. Helikopta kubwa kuliko zote zinazofanya kazi, Mi-26 ya Warusi, hubeba tani 20 hivi na ndipo mwisho wake. Ukizidi hapo na huna barabara, huna njia. Wale wa mitambo ya upepo kule Loiyangalani walitaka kupeleka mitambo 365, na ilibidi kwanza watengeneze zaidi ya kilomita 200 za barabara kutoka Laisamis. Hilo pengo kati ya helikopta na lobedi ndilo limerudisha hamu ya meli za angani. Kampuni ya Kifaransa, Flying Whales, inasanifu meli ya mita 200 ya kubeba tani 60, na wazo lao lilianza na magogo ya misitu ya milimani yasiyofikiwa na lori. Pengo lipo. Ninachobishania ni lile neno "tu" katika "heliamu tu".

Mwezi Agosti mpwa wangu alitimiza miaka sita, tukamfanyia sherehe Lanet. Aliyeleta maputo alikuja na mtungi wa heliamu. Baada ya keki nilichukua puto moja la kawaida nikafunga kwenye uzi wake sarafu ya shilingi moja. Likapanda polepole. Nikaongeza karatasi iliyokunjwa, ndani yake punje za mchele, moja moja, mpaka puto likasimama usawa wa macho ya watoto, halipandi wala halishuki. Watoto walinyamaza kabisa. Ukilipulizia linasogea kama kitu kisicho na uzito. Kisha nikamwambia mpwa wangu, "Kata ile shilingi." Akakata kwa makasi. Puto likaruka juu likagonga dari na likabaki huko, na hakuna aliyelifikia.

Pale ndipo tatizo lote la mzigo mzito lilipo. Meli ya angani haibebi mzigo kama lori linavyobeba. Inapimwa na mzigo wake kama mizani. Ukishusha tani 22, wakati uleule meli imekuwa nyepesi kwa tani 22, na itakwenda lilikokwenda lile puto, isipokuwa umeipa tani 22 za kitu kingine kabla hujafungua minyororo. Mabaharia wa majahazi wana neno lake, farumi: mawe au mchanga wa tumboni ili chombo kitupu kisipinduke. Jahazi bila farumi linayumba. Meli ya angani bila farumi inaondoka na winchi yako.

Zamani walikuwa na njia rahisi. Walijaza haidrojeni, na mzigo ukishuka walifungua vali wakaimwaga gesi angani. Haidrojeni hutengenezwa popote kwa bei nafuu. Heliamu haitengenezwi, inachimbwa ardhini, na ni ghali mno kuimwaga kila safari. (Najua mtaniambia habari ya Rukwa. Ndiyo, Tanzania wana heliamu ardhini, nami nafurahi kwa ajili yao, lakini kuwa na kisima hakufanyi kumwaga kuwe na maana.) Kwa hiyo usalama wa heliamu, ambayo haishiki moto, umekuja na deni hilo: gesi lazima ibaki ndani, na uzito lazima utoke mahali fulani.

Hebu tupige hesabu ya safari moja ya huku kwetu. Mpango ni kupeleka mashine Paka, ule mlima wa volkeno kule Tiaty ambako mvuke wa jotoardhi unachimbwa. Tuchukue meli yenye mfuko wa mita za ujazo 180,000, ukubwa uleule wanaoutaja Wafaransa, na tuseme mwili, injini na mafuta vyote pamoja ni tani 129. Usawa wa bahari, hewa ya kawaida ya mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1.22, na heliamu ya nafasi hiyo kilo 0.17. Tofauti, kilo 1.05, ndiyo inayoinua. Zidisha kwa mfuko mzima upate tani 189. Toa meli yenyewe, zinabaki tani 60 za mzigo. Hapo ndipo video zote huishia.

Sasa ilete Nakuru, mita 1,850 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kilo 0.97 hivi kwa mita ya ujazo mchana wa kawaida, na heliamu nayo imepanuka. Tofauti inashuka hadi kilo 0.84. Mfuko uleule sasa unainua tani 151. Uzito wa meli haujapungua hata kilo moja, kwa hivyo mzigo uliobaki ni tani 22. Tani 38 zimepotea, na hakuna kilichoharibika. Ni mwinuko tu.

Na hiyo ni ukipakilia Nakuru. Ukitaka ipite moja kwa moja kutoka bandari ya Mombasa, kama wapenzi wake wanavyosema, ni lazima ivuke ukingo wa Bonde la Ufa upande wa Kinale, ambapo ardhi yenyewe iko zaidi ya mita 2,500. Ipe nafasi ya kupita salama, mita 2,800. Huko mfuko huo unainua kama tani 138. Zinabaki tani tisa. Huwezi kujaza mfuko pomoni Mombasa ukategemea zile tani 60, kwa sababu ukipanda gesi inapanuka, na ikikosa nafasi hutoka kwa vali. Ni lazima uondoke na mfuko usiojaa, umeiachia gesi nafasi ya safari. Tani tisa lori la kawaida hubeba, na dereva akasimama Naivasha kunywa chai.

Lakini tuseme tumekubali tani 22 kutoka Nakuru. Tumefika Paka, meli imesimama angani, kamba ziko chini. Farumi inatoka wapi? Jibu la kila msanifu ni maji. Maji yanapimika, yanavutwa kwa pampu huku mzigo ukishuka, kilo kwa kilo. Tani 22 za maji ni lita 22,000, boza mbili za kawaida na zaidi, kwa kila safari. Na ni Tiaty! Watu wa huko wanajua bei ya mtungi mmoja wa lita 20. Uchimbaji wa Paka wenyewe ulibidi uvutiwe maji kutoka Ziwa Baringo. Kwa maneno mengine, mahali ambapo maji ya farumi yangepatikana ni mahali ambapo mabomba yamekwishafika, na mabomba yalifika kwa lori, na lori lilifika kwa barabara. Mtu anayeniambia meli hii haihitaji barabara anieleze kwanza nani alibeba lile bomba. Na kuyachota maji ya mama wa Tiaty ili kuirudisha Nakuru meli tupu, hilo mimi siwezi kulipigia makofi.

Mchanga na mawe yapo tele, nakubali. Lakini kupakia tani 22 za mawe kwenye chombo kinachoelea, kwa kasi ileile mzigo unavyoshuka, na upepo wa alasiri wa bondeni ukisukuma ubavu wa mita 200, nisingempeleka kijana wangu yeyote kusimama chini yake.

Ziko njia nyingine, na nitazitaja kwa haki. Unaweza kuikandamiza heliamu ndani ya mifuko migumu ili meli iwe nzito tena, ila mifuko na mashine za kukandamiza nazo zina uzito, na zinakula mzigo. Unaweza kuipa meli umbo la bawa, sehemu ya uzito ibebwe na mwendo kama ndege. Waingereza walifanya hivyo na Airlander 10, iliyoruka mwaka 2016. Hapo tatizo la farumi linapungua kweli, lakini sasa unahitaji eneo pana la kutua na kuondokea, na ule msemo wa "haihitaji uwanja" umekufa. Wajerumani wa CargoLifter walitaka kubeba tani 160 kwa mkupuo mmoja. Walijenga banda la urefu wa mita 107 kwenda juu, wakafilisika mwaka 2002 kabla meli haijajengwa. Leo ndani ya banda hilo watu wanaogelea.

Na kama mnadhani hili ni jambo geni huku Afrika Mashariki, Novemba 1917 Wajerumani walituma meli ya angani L 59 kutoka Bulgaria kumpelekea von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao huku, tani 15 hivi za dawa na risasi. Ilifika magharibi ya Khartoum ndipo ikaitwa irudi. Jambo ambalo huwa sisahau katika habari ile ni kwamba mpango haukuwa irudi. Huku hakukuwa na gesi ya kuijazia, basi waliamua ikifika ibomolewe: kitambaa kiwe mahema, fremu iwe milingoti ya redio. Walijiuliza lile swali la itarudi na nini, wakajibu kwamba hairudi. Kwa safari moja ya vita jibu hilo linatosha.

Nionyeshwe njia yenye mzigo wa kwenda na mzigo wa kurudi wenye uzito unaolingana, katika nchi ya chini, karibu na maji mengi, nami nitakuwa wa kwanza kuomba kazi ya kufunga kamba. Ziwa Viktoria linanijia akilini, ingawa Kisumu nako ni mita 1,130 juu ya bahari, na meli za majini zinafika huko tayari.

Jumatatu nilikuwa Salgaa nikinunua mahindi ya kuchoma ile lobedi ilipopita ikirudi. Transfoma walikuwa wameiacha walikoipeleka. Trela lilikuwa tupu kabisa, minyororo imekunjwa juu ya mbao, taniboi amelala kwenye kichwa miguu ikiwa dirishani, na dereva akateremka zake kuelekea Nakuru.