Sogeza Juu Kwanza, Kabla Hatujamjibu

Rafiki akikutumia skrinishoti ya mazungumzo yake na mtu mwingine na kukuuliza "nimjibu nini?", usimpe jibu. Mwambie asogeze juu. Mwambie akuonyeshe, au akusimulie, kilichosemwa kabla ya ujumbe wa kwanza unaoonekana kwenye picha. Nina imani kubwa na ombi hilo dogo, kwa sababu nimeona urafiki wa watu wazima unavyovunjwa na jibu lililotungwa juu ya nusu ya mazungumzo.

Nitaeleza kisa kimoja. Majina sitaji, na kiasi cha fedha nimekibadilisha, kwa kuwa hao wawili bado wanasalimiana.

Ni wanawake wanaocheza mchezo, watu kumi, kila mmoja akitoa shilingi 50,000 kwa wiki na mwenye zamu akipokea 500,000. Kijumbe, yule anayekusanya na kugawa, ni shoga wa siku nyingi wa mwenye simu. Usiku mmoja mwenye simu akatuma picha kwenye grupu letu la marafiki, watu ambao wengi wetu hatumjui huyo kijumbe hata kwa sura. Kwenye picha kulikuwa na meseji tano tu. Ya kwanza, ya saa 21:14, ni ya kijumbe: "Ila na wewe unazidi." Mwenye simu kajibu: "Nimezidi nini?" Ukafuata ujumbe wa sauti wa karibu dakika mbili kutoka kwa kijumbe, kisha ujumbe mmoja uliofutwa, kisha hii ya mwisho: "Zamu yako nimempa mwingine. Wewe wiki ijayo." Chini yake lile swali, nimjibu nini huyu.

Grupu likawaka. Mmoja akasema amwambie arudishe fedha zote kesho asubuhi. Mwingine akaandika jibu zima, refu, lenye mafumbo makali, tayari kunakiliwa na kubandikwa. Na ukiitazama picha ile peke yake, ni rahisi kuelewa hasira yao. Ilionyesha mtu anayetukana kwanza, kisha anachukua zamu ya mwenzake bila hata kusema samahani.

Mwenye simu alipoombwa asogeze juu, yakaja mengine. Saa 21:12, dakika mbili tu kabla ya pale picha ilipoanzia, yeye mwenyewe alikuwa ameandika: "Nyie vijumbe mnakula hela zetu tu." Na juu zaidi, siku kadhaa nyuma, kijumbe alikuwa amemkumbusha kwa upole kwamba michango yake ya wiki mbili ameifidia kutoka mfukoni mwake ili mchezo usisimame. Kwa hiyo "na wewe unazidi" lilikuwa jibu la mtu aliyeitwa mwizi baada ya kumlipia mwenzake.

Sidhani mwenye simu alikusudia kutudanganya, na hapa ndipo ninapotaka tutulie kidogo. Mtu aliyeumizwa hukata picha pale alipoumia. Anaanzia kwenye neno lililomchoma, kwa kuwa kwake yeye ndipo habari ilipoanzia. Maneno yake mwenyewe anayajua alivyoyakusudia, basi anayaona mepesi. Ya mwenzake anayajua kwa namna yalivyompata. Kioo cha simu nacho kinamsaidia kukosea, kwa sababu kinachukua meseji chache tu kwa mara moja, na lazima achague zipi. Ndiyo maana mpokeaji ana wajibu ambao mtumaji, kwa hasira ya saa ile, hawezi kuubeba.

Kuna mambo mengine ambayo picha ya namna hii huyaficha bila mtu yeyote kukusudia. Jina lililoko juu ya skrini ni lile alilolihifadhi mwenye simu. Akimhifadhi mtu kwa jina la kejeli, sisi tunaoletewa picha tunakutana na hukumu kabla ya maneno. Tarehe nayo hutokea katikati ya mazungumzo siku inapobadilika, na kibandiko hicho kikikatwa, meseji ya Jumatatu na ya Alhamisi zinaonekana kama zimefuatana kwa pumzi moja. WhatsApp tangu 2023 inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, hivyo huenda mtu anajibu maneno yaliyokuwapo kabla ya marekebisho. Ujumbe uliofutwa ndio unaonisumbua zaidi, maana grupu zima hulijaza lile pengo kwa ubaya. Palipofutwa hatujui kitu, na tusichokijua tusimhesabie mtu.

Halafu ule ujumbe wa sauti. Katika picha unaonekana kama mistari na muda wake, basi, na hakuna aliyeuliza umesema nini. Kumbe ndimo maelezo yote yalimokuwa. Mmoja wa wachezaji mtoto wake amelazwa, anadaiwa hospitali, na kijumbe alikuwa anaomba zamu zibadilishwe kwa wiki moja. Aliomba. Alisema pole. Alisema angepiga simu ila salio limemwishia. Yote hayo aliyasema kwa mdomo, na kisha akaandika kwa kifupi kile alichodhani kimeshaeleweka. Siku hizi watu wengi hueleza kwa sauti na kuhitimisha kwa maandishi, kwa hiyo picha inabeba uamuzi na kuziacha sababu.

Tazama pia mtoto yule. Mwenye simu alipotueleza yaliyomo kwenye ile sauti, grupu la watu wasiomjua mama yake likajua kwamba amelazwa na kwamba mama hana fedha. Huyo mama hakugombana na mtu. Tunapozungumzia haki kwa "mtu wa pili", tukumbuke mara nyingi kuna wa tatu na wa nne ndani ya mazungumzo hayohayo, na hao siri yao imetoka bila wao kuwa sehemu ya ugomvi.

Wapo wanaosema ujumbe ukishanifikia ni wangu, nimwonyeshe nimtakaye. Nakataa. Mtu anaponiandikia mimi, anachagua maneno kwa ajili yangu, ananijua, anajua nitacheka wapi. Angejua wanasoma watu wanane angeandika mengine, au asingeandika kabisa. Wazee wetu wanaposuluhisha ugomvi huwaita wote wawili, na anayesema kwanza anajua mwenzake naye atasikilizwa. Kwenye grupu hakuna aliyeitwa. Angalau basi sisi tunaoulizwa tuwe upande wa asiyekuwepo kwa kiasi cha kuuliza: yeye angelieleza vipi jambo hili?

Sisemi watu wasiombe ushauri. Kuna majibu magumu kuandika peke yako, na kumuuliza mtu mwenye busara ni jambo jema. Ninachopendelea ni kusimulia kwa mdomo badala ya kutuma picha, na kuanza na ulichosema wewe. Ukilazimika kutaja "nilimwita mwizi" kwa ulimi wako, mara nyingi unajua nini cha kujibu kabla hujafika mwisho. Kama maneno yenyewe ndiyo yanayohitaji kuonekana, mtumie mtu mmoja, si grupu. Anzia pale mada hiyo ilipoanzia. Kata jina, namba na picha ya mhusika, na mambo ya watu wengine yaondoe kabisa. Usifiche kwa kupitisha kalamu ya rangi inayopitisha mwanga. Baadhi ya picha zilizofunikwa hivyo husomeka tena mtu akiongeza mwangaza. Tumia kisanduku cheusi, au kata. Ile njia ya WhatsApp ya picha ya kutazamwa mara moja inapunguza kusambaa, na imezuia kupigwa skrinishoti, lakini haimzuii mtu mwenye simu ya pili mkononi.

Jibu lenyewe lina haki yake pia. Yule aliyeandikiwa jibu refu lenye mafumbo alilituma kabla ya sisi kumaliza kusogeza juu. Kijumbe alijibu papo hapo: "Haya maneno si yako. Nani anakuandikia?" Alikuwa amemfahamu shoga yake miaka mingi, anajua anavyoandika kwa vifupisho na anavyokasirika. Tangu hapo ugomvi haukuwa tena wa zamu wala wa fedha. Ulikuwa wa kwamba amesomwa na watu asiowajua na anajibiwa na watu asiowajua. Hilo ndilo lililochukua muda mrefu kupoa, muda mrefu kuliko suala la mchezo, ambalo liliisha wiki iliyofuata alipopokea laki tano zake.

Kwa hiyo nikiulizwa nimjibu nini, sitoi sentensi. Nauliza unataka nini kiwepo kesho: fedha, samahani, au uhusiano uishe? Akishasema, nasema basi mwandikie hilohilo kwa maneno yako. Katika kisa kile ingetosha: "Nimesikia sauti yako. Sikupaswa kusema mnakula hela. Ila zamu ikibadilika niambie kabla." Ina lalamiko lake la haki, kwa sababu lalamiko alikuwa nalo kweli: aliambiwa zamu imeshatolewa, hakusubiriwa akubali.

Kuna mahali ambapo haya yote hayahusiki. Mtu akikutishia, akikutaka rushwa ya ngono, akikuibia au akikusumbua usiku na mchana, huna deni la kumtunzia siri. Onyesha, na onyesha kamili: namba ionekane, tarehe ionekane, usikate chochote. Yaache mazungumzo yenyewe kwenye simu, usibaki na picha peke yake, kwa kuwa picha ni rahisi kughushi. Tanzania ushahidi wa kielektroniki unatambuliwa na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini uzito wake unategemea namna ulivyohifadhiwa. Peleka kwa mtu anayeweza kuchukua hatua, kama dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, kabla ya kupeleka kwa marafiki. Tofauti na ugomvi wa kawaida ni kwamba hapa unatafuta ulinzi, na ulinzi unahitaji ukweli wote uliomo, pamoja na maneno yako usiyoyapenda.

Baki na swali moja ambalo sijaona watu wakilizungumza: je, umwambie mwenzako kwamba uliomba ushauri? Naona ndiyo, kama kuna aliyesoma maneno yake. "Nilimwonyesha dada yangu ulichoandika, nilikuwa sijui nikujibu vipi." Anaweza kukasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini atajua anaongea na nani, na dada yako naye ataacha kuwa msomaji aliyejificha nyuma ya simu yako.