Mkono usio na kiwiko: lini uweke picha halisi, lini vekta

Kuna brosha moja nimeitengeneza mara tatu. Si kwamba mteja alikuwa msumbufu, hapana, mara mbili za kwanza nilikosea mimi mwenyewe tena kwa kujiamini kabisa. Ilikuwa ya apu inayounganishwa na kipimo cha presha, kile chenye mkanda wa kufunga mkononi, unapima nyumbani halafu namba zinaingia kwenye simu zenyewe. Karatasi ya A4 inakunjwa mara mbili inatoa kurasa nyembamba tatu kila upande, kila moja kama milimita 99 hivi, na ndani yake mtu aelekezwe kuvaa mkanda, kuwasha Bluetooth, kubonyeza kitufe, kusoma matokeo. Kazi ndogo tu, nikasema siku mbili nimemaliza.

Raundi ya kwanza nikaenda na vekta bapa, yaani michoro ya kompyuta ya maumbo na rangi tupu, maana ndo trendi na mteja mwenyewe alitaka kitu "cha kisasa". Mnaujua ule mtindo, watu wenye vichwa vidogo na mikono mirefu inayopinda kama mpira wa maji, rangi moja moja bila kivuli. Facebook waliusambaza sana tangu 2017 kwa mtindo wao ulioitwa Alegria, uliobuniwa na studio ya Buck, baada ya hapo kila apu ya benki na kila apu ya mazoezi ikawa na watu wa aina hiyo. Nikachora mdada amekaa, mkanda wa bluu mkononi, katabasamu. Ilipendeza kwelikweli.

Sasa tukawapa watu watano ile karatasi pamoja na mashine, tukawaambia vaeni kama inavyoonyesha, sisi tukakaa kimya. Wawili waliufunga mkanda chini ya kiwiko. Mmoja akaufunga juu ya mkono wa shati. Nikaanza kujitetea moyoni kwamba hawakuangalia vizuri, afu nikarudi kuutazama mchoro wangu. Yule mdada hana kiwiko! Mkono unatoka begani unapinda taratibu mpaka vidoleni, hakuna pa kusema hapa ndo panakunjwa. Na maelekezo yote ya mkanda yanategemea kiwiko: ukingo wake wa chini ukae sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, mrija ushuke upande wa ndani wa mkono, mkanda ukae kwenye ngozi na sio kwenye nguo. Shati nalo nilikuwa nimelichora kwa rangi moja isiyo na ukingo, kwahiyo wapi nguo inaishia na ngozi inaanza ilikuwa ni kubahatisha. Na hapo nazungumzia presha jamani, mkanda ukikaa vibaya namba inayotoka si ya kweli, mtu anaweza kuogopa bure au kujiona mzima wakati siyo.

Kwahiyo nikapanda hasira nikaenda upande wa pili wote. Raundi ya pili kila kitu picha halisi, hata hatua za kwenye simu, yaani mkono umeshika simu na skrini inaonekana. Mkanda safari hii wote watano wakavaa sawa bila kuuliza. Ila simu ikawa balaa. Piga hesabu mwenyewe: skrini ya simu ina upana wa kama milimita 70, kwenye ile brosha nilikuwa na nafasi ya kuionyesha kwa milimita 30, kwahiyo vyote vinashuka chini ya nusu. Maandishi ya kitufe yenye urefu wa milimita 3 kwenye simu yanabaki kama milimita 1 na kitu kwenye karatasi, hayo hata kijana mwenye macho mazima anakunja uso, sembuse mzee ambaye ndo msomaji wenyewe. Ukikata picha ubaki na kitufe peke yake, mtu hajui tena kiko wapi kwenye skrini. Halafu picha inaleta vitu ambavyo hukuviomba, kuna mama mmoja aliuliza kama lazima simu iwe na kava jekundu kama ile, na alikuwa anauliza kwa dhati kabisa.

Hapo ndo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kukiweka kwa maneno. Vekta inakuruhusu kudanganya kuhusu ukubwa na hakuna anayelalamika. Unachora fremu ya simu, mistari mitatu ya kijivu badala ya maandishi yote yasiyohusika, halafu kitufe kimoja kikubwa kupita kiasi chenye rangi na jina lake, na msomaji anaelewa papo hapo kwamba ni simu na hicho ndo cha kubonyeza. Picha ukiifanyia hivyo inaonekana imeharibika. Lakini picha inabeba vile ambavyo vekta imevitupa ili iwe nyepesi: mkunjo wa ngozi, unene wa kitambaa, mrija unatokea wapi. Kwahiyo siku hizi sijiulizi kampuni inataka kuonekana vipi, najiulizia kila hatua peke yake: msomaji akikosea hapa, atakuwa amekosea kwa mwili na kifaa, au kwa skrini?

Kuna dizaina mwenzangu aliniambia tatizo halikuwa vekta, ni ule mtindo wa mikono ya mpira, ningeweza kuchora mkono wa mistari kwa kufuatisha picha, kiwiko kikaonekana. Ni kweli na sibishani naye. Kilichonifanya nibaki na picha ni kwamba watu walikuwa pia wanailinganisha mashine ya kwenye karatasi na ile waliyoshika, kama ndo yenyewe.

Raundi ya tatu basi: picha mbili tu, mkanda ulivyokaa na mtu alivyokaa mzima, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko mezani usawa wa moyo. Hatua za simu zote vekta. Ili visionekane kama brosha mbili zimegongana, nilizikata picha zikakaa kwenye weupe na kivuli kimoja chepesi, halafu bluu ya vekta nikaitoa kwenye mkanda wenyewe, basi.

Kilichonisumbua zaidi ni mchapaji. Karatasi yetu haikuwa ya kung'aa, na karatasi ya namna hiyo inakunywa wino, vidoti vinatanuka, ngozi nyeusi iliyopendeza kwenye skrini inatoka kama tope na mkunjo wa kiwiko, ambao ndo sababu ya picha kuwepo, unamezwa. Ikabidi nirudi niipandishe mwanga sehemu za katikati mpaka kwenye skrini ikaonekana imepauka, ndo ikatoka sawa kwenye karatasi. Vekta kwenye suala hilo haikunipa shida, zaidi ya ile bluu kufifia kidogo ilipoingia CMYK, zile rangi nne za wino wa kuchapia.

Miezi michache baadaye apu ikabadilishwa, kile kitufe kikahamia chini na jina lake likabadilika. Nikafungua faili, nikasogeza leya moja, nikaandika neno jipya, chai ilikuwa bado ya moto. Picha sikuzigusa, na nashukuru, maana modeli siku ya kupiga picha hakutokea na ule mkono kwenye brosha ni wangu.