Omba kikao, usiombe huruma

Ujumbe mwingi wa kudai malipo huanza kwa "samahani kwa usumbufu" na kuishia kwenye "tunaomba mtufikirie". Mimi siupendi kabisa. Mzigo umepokelewa, ankara imefika, halafu mwenye haki ndiye anayeomba radhi!

Tuchukue karakana ya sare hapa Dar es Salaam iliyoshonea hoteli moja. Kazi ni shilingi 4,000,000, VAT ya asilimia 18 ni 720,000, jumla 4,720,000. Ankara ilitoka tarehe 3 Machi kwa masharti ya siku 30, kwa hiyo ilipaswa kulipwa tarehe 2 Aprili. Sasa ni tarehe 10, kimya. Na TRA haijali kwamba hujalipwa: ankara ikishatoka, ile 720,000 inaingia kwenye ritani ya Machi, mwisho tarehe 20 Aprili. Fundi ataitoa mfukoni mwake.

Kabla ya kuomba kikao, piga simu kwa mhasibu, si kwa meneja, uulize swali moja tu: "Ankara yetu imefikia wapi?" Mara nyingi utakuta hakuna aliyekataa kulipa. Hati ya kupokelea mzigo haina sahihi ya stoo, au namba ya oda kwenye ankara haifanani na ya kwao. Likiwa ni hilo, peleka karatasi, yaishe. Wakikujibu "iko kwa bosi" mara ya pili, hapo ndipo kikao kinahitajika.

Mimi ningemwandikia meneja hivi, kwa barua pepe na si kwenye grupu la WhatsApp ambako wasaidizi wake wanasoma:

"Habari za kazi, Meneja. Naomba tukutane kwa dakika ishirini, Jumanne asubuhi au Alhamisi mchana, kuhusu ankara ya tarehe 3 Machi ya shilingi 4,720,000, iliyopaswa kulipwa tarehe 2 Aprili. Ningependa tukubaliane tarehe ya malipo, na kama kuna upungufu upande wetu tuurekebishe. Tutashukuru mhasibu naye akiwepo. Nimeambatanisha ankara na hati ya kupokelea mzigo."

Neno "deni" halimo, ila tarehe na kiasi vimo, na hapo hakuna pa kujificha. Ile sentensi ya upungufu upande wetu inampa meneja njia ya kutoka bila kuaibika. Mhasibu asipokuwepo, utaambiwa "nitamuuliza", na wiki nyingine imekwenda.

Kikaoni usihadithie mishahara ya vijana wako wala kodi ya pango. Uliza siku yao ya kulipa wazabuni ni ipi, na jina lako litaingia awamu gani. Wakisema fedha hazitoshi, omba ile 720,000 iingie kabla ya tarehe 20 na iliyobaki igawanywe mara mbili. Jioni hiyohiyo watumie barua pepe fupi yenye tarehe mlizokubaliana, nakala kwa mhasibu.

Oda mpya ya vitambaa vya jikoni na aproni, kama wameshaitaja, isubiri hadi awamu ya kwanza iingie benki.