Feni ya darini au ya kusimama? Lubumbashi, anza na paa

Kila mwezi wa kumi, joto likishika Lubumbashi kabla ya mvua, watu huuliza bei za feni. Mimi naona paa ndilo la kuangaliwa kwanza.

Feni haipoozi hewa. Inaipitisha mwilini ili jasho likauke. Kwa wingi wa hewa, ya darini haina mpinzani: yenye mapanga ya upana wa sentimita 140 husogeza takriban mara tatu ya ile ya kusimama ya sentimita 40. Lakini hewa hiyo inaichota juu. Kwenye nyumba ya bati tupu, isiyo na plafo, jua la mchana huacha hewa ya moto imejikusanya chini ya bati, na feni ya darini inaishusha vichwani mwenu. Hapo ya kusimama inashinda wazi. Mji wetu uko karibu mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo usiku nje kunapoa. Iweke karibu na dirisha lililo wazi, ielekee ndani, ikuletee ubaridi huo.

Palipo na plafo, hesabu inageuka. Chukua sebule ya watu sita, feni ikiwaka kwa muda wa saa nane. Feni ya darini ya wati 75 hula yuniti 0.6. Ya kusimama ya wati 50 hula 0.4, ila haiwafikii wote. Ukiongeza ya pili mmefika 0.8. Kwa mtu mmoja anayelala, ya kusimama ndiyo nafuu.

Kinachosumbua zaidi ni umeme dhaifu wa jioni. Volti zikishuka kutoka 220 hadi 170, nguvu ya mota kujizungusha haipungui kidogo tu: hubaki kama asilimia 60. Aina zote mbili zinazembea. Basi usimwite fundi kwanza. Ngoja usiku wa manane, umeme ukirudi sawa. Ikiwa hata hapo feni ya darini inanguruma na haianzi mpaka uisukume, mara nyingi kondensateri imechoka. Ni kitu cha bei ndogo, mradi namba ya mikrofaradi ilingane na ya zamani.

Za kusimama za bei rahisi zina udhaifu mwingine: ekseli huzunguka ndani ya bushi, si beringi. Bushi ikikauka, mota inapata moto hadi kuungua. Zima feni, zungusha panga kwa kidole. Likisimama papo hapo, weka tone la mafuta ya cherehani.

Kwa kelele, feni ya darini iliyofungwa vizuri ni tulivu kuliko ya kusimama inayokimbia kasi ya mwisho. Ikianza kuyumba, izime, pima kutoka ncha ya kila panga hadi kwenye plafo. Panga lenye kipimo tofauti limepinda. Mapanga yakilingana, kagua ndoano: iwe imeshika boriti, kamwe isiwe imeshika ubao wa plafo.