Wamethibitisha, wanadai au inaendana: kitenzi gani umpe mwandishi unaemnukuu?

"Maalim, msimamizi wangu kanikatia 'wamethibitisha' kwenye sura ya pili, juu yake kaandika 'wanadai'. Utafiti wenyewe ni wa DNA na umetoka kwenye jarida la Nature, sasa mie nikiandika wanadai si ntakuwa nawavunjia heshima watu walopima mifupa? Nani yuko sahihi hapa?"

Naiweka hapa na sentensi yenyewe ilokatwa, mana bila ya kuiona tutabaki kubishana hewani: "Brielle na wenzake (2023) wamethibitisha kwamba asili ya Waswahili ni Washirazi na kwamba asilimia 80 hadi 90 ya DNA yao imetoka Uajemi."

Kwa maoni yangu msimamizi yuko sahihi kukata, lakini alichokiweka badala yake nacho hakifai. Na wewe uko sahihi kuona kuna heshima inapotea, ila dawa yake si kurudisha "wamethibitisha". Tuanze na utafiti wenyewe, kwa sababu kitenzi kinatoka huko, hakitoki kwenye hisia zetu.

Ule utafiti wa 2023 ulisoma DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao wamezikwa kwenye miji ya pwani ya Kenya na Tanzania bara, mifano Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara, baina ya mwaka 1250 na 1800 hivi, pamoja na mji mmoja wa ndani. Wakakuta kwamba wengi wa watu wa pwani zaidi ya nusu ya DNA yao imetoka kwa mababu wa Kiafrika, khasa upande wa wanawake, na sehemu kubwa, kwa baadhi yao hata zaidi ya nusu, imetoka Asia. Sasa hapa ndo penye ile asilimia 80 hadi 90: ni ya hicho kipande cha Asia tu, wanasema kimetoka kwa wanaume wa Kiajemi. Si ya mtu mzima. Mtu ambae nusu yake ni Asia, asilimia 80 hadi 90 ya nusu ni 40 hadi 45 ya DNA yake yote, basi. Kwa hivo sentensi yako ina kosa ambalo hata ukibadilisha kitenzi mara ngapi halitoki, na hili naliomba ulishike kabla hatujaendelea: kitenzi laini hakiponyeshi maelezo yalokosewa. Ungeandika "wanadokeza kwamba asilimia 80 hadi 90 ya DNA yao imetoka Uajemi" bado ungekuwa umewasingizia, mana hawajalidokeza hilo.

Sasa kwenye kitenzi. Upande wa msimamizi una hoja nzito. Waandishi wenyewe, walipofika kwenye suala la Washirazi, hawakusema wamethibitisha. Wameandika kwamba asili ya Kiajemi walioikuta kabla ya mwaka 1500 hivi inaendana na simulizi ya Tarikh ya Kilwa, ile historia ya zamani ya mji wa Kilwa inayosema watawala wake wa mwanzo walitoka Shirazi, Uajemi. Inaendana. Maana yake simulizi ikiwa kweli ungetegemea kuona kitu kama hichi, na wamekiona, lakini kitu hicho hicho kingeweza kuonekana pia kwa njia nyengine, mfano wafanyabiashara wa Kiajemi waliokuja kidogo kidogo miaka mingi wakaoa hapa, bila ya mwana wa mfalme yeyote kuja na majahazi. Mifupa inakwambia babu alitokea wapi, haikwambii kama alikuwa mtoto wa sultani wala kama alijiita Mshirazi. Aliesoma "inaendana" akaandika "wamethibitisha" kamuongezea mwenziwe ahadi ambayo hakuitoa, na akija mtu akaivunja hoja ile, atakaelaumiwa ni Brielle na wenzake kwa jambo ambalo hawakulisema.

Na tunajua huku kwetu Zanzibar khasa neno hili lina uzito gani. Jina la Shirazi limo ndani ya chama cha ASP, yani Afro-Shirazi Party, kilichoundwa 1957, watu wamejiita hivo na kukanushwa hivo, na kila utafiti unaotoka mtu huupokea akitafuta ushindi wa upande wake. Kwenye makundi ya watsap utaona "sayansi imethibitisha sisi ni Waajemi" na chini yake "sayansi imethibitisha sisi ni Waafrika", wote wanataja utafiti mmoja huo huo. Msimamizi anaeogopa "wamethibitisha" kwenye mada kama hii simlaumu hata kidogo.

Lakini upande wako nao una haki yake, na hapa ndo watu wengi wanaofunza uandishi huwa wanapita haraka. Ukilainisha kila kitu pia unasema uongo. Kwamba watu wale waliopimwa walikuwa na mchanganyiko wa Afrika na Asia, hilo si dokezo. Wamelipima, wametoa data, na upande wa mama na upande wa baba umeangaliwa mbali mbali, kwa hivo ukiandika "utafiti unadokeza kwamba huenda watu hao walikuwa na mchanganyiko" umewanyang'anya kazi yao. Hapo andika "umeonyesha" au "umebaini" bila ya khofu. Nimeona tasnifu za wanafunzi waliotishwa sana na wasimamizi, kila mstari ni "inadokezwa", "yawezekana", "huenda", mpaka msomaji hajui lipi limejulikana na lipi linabishaniwa, na mwandishi akidhani huo ndo unyenyekevu wa kitaaluma.

Kwa nini basi jambo hili linachanganya? Mie naona kwa sababu kitenzi kimoja kinabeba misimamo ya watu wawili kwa pamoja, wa mwandishi unaemnukuu na wako wewe. Geoff Thompson na Ye Yiyun waliliandika hili mwaka 1991 walipochambua vitenzi vya kunukuu kwenye makala za kitaaluma za Kiingereza, wakaonyesha kwamba kuna vitenzi ambavyo anaenukuu anajionyesha kulikubali jambo, kuna ambavyo anaonyesha kwamba mwenziwe kakosea, na kuna ambavyo hajifungi popote. Kwa Kiswahili tunavyo vyote vitatu. Ukisema "Fulani ameonyesha kwamba" na wewe umeshaingia, huwezi sentensi ya pili ukasema si kweli. Ukisema "Fulani amepuuza" au "amechanganya", umeshamhukumu. Ukisema "anaeleza", "anaandika", "anaona", "anashikilia", hapo wewe uko nje bado, ingawa yeye mwenyewe kwenye "anashikilia" yumo ndani kabisa, na kwenye "anadokeza" kaingiza mguu mmoja tu.

Ukilielewa hilo utaona msimamizi kakosea wapi. Alitaka kupunguza nguvu ya waandishi, akachukua kitenzi kinachopunguza imani yako wewe kwa waandishi, na hivo ni vitu viwili. "Wanadai" masikio ya Mswahili yamelizoea kwenye habari za polisi na mahakama, mtu anadaiwa kuiba, mlalamikaji anadai kupigwa, na msomaji akilikuta kwenye tasnifu anakaa akisubiri umwambie kwamba si kweli. Kama una hoja dhidi ya Brielle na wenzake, andika wanadai halafu ilete hoja yako hapo hapo. Kama huna, umetia shaka bila ya kuitolea sababu, na hilo kwangu ni kosa sawa na kutia uhakika bila ya sababu. Najua wapo walimu wanaolitumia "anadai" kama kitenzi cha kawaida tu kisicho na ubaya, na kwenye baadhi ya vitabu linapita hivo, lakini kwenye mada inayochoma kama hii mie singelitumia.

Njia ninayoiona nzuri ni kuacha kutafuta kitenzi kimoja cha utafiti mzima. Makala moja ina madai ya nguvu tofauti, na kila moja lina kitenzi chake. Mchanganyiko: umeonyesha. Tarehe ya kuanza kuchanganyika, karibu na mwaka 1000: wamekadiria, kwa sababu haikusomwa kwenye kaburi, imehesabiwa kutokana na urefu wa vipande vya DNA vinavyokatika kila kizazi, kisha vizazi vikageuzwa miaka, na ukibadilisha urefu wa kizazi kimoja tarehe inasogea. Tarikh ya Kilwa: yanaendana. Na kuhusu Unguja na Pemba: hapo hakuna kitenzi cha kuwapa, kwa sababu mifupa ya visiwani kwetu haimo kwenye hao 80, kwa hivo mtu akitaka kuvuka bahari na matokeo yale basi avuke kwa jina lake mwenyewe, aandike "kwa maoni yangu huenda na huku ikawa hivo", asimtwike Brielle.

Kwa hivo sura yako ya pili ningeiandika hivi: "Brielle na wenzake (2023) wameonyesha kwamba wengi wa watu waliozikwa kwenye miji ya pwani waliyoichunguza walikuwa na mababu wa Kiafrika na wa Kiasia, na kwamba asilimia 80 hadi 90 ya sehemu ya Kiasia ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi. Wanakadiria kwamba mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000, na wanaona kwamba matokeo hayo yanaendana na simulizi ya Tarikh ya Kilwa. Utafiti huo haukujumuisha mifupa kutoka Unguja wala Pemba." Ndefu kuliko ya mwanzo, sawa, lakini kila kitenzi kina mtu wake anaekibeba.

Namna ya kujijua kama umekosea ni rahisi: rudi kwenye makala, tafuta pale mwandishi alipolisema jambo lile lile, utizame yeye kalitamka kwa nguvu gani. Usiishie kwenye muhtasari, nenda mpaka kwenye mjadala wa mwisho wa makala, mana muhtasari mara nyingi unakaza kuliko mjadala. Ukikuta wewe umekaza zaidi yake, legeza. Ukikuta umelegeza zaidi yake, uwe na sababu na uiandike. Na kama hujaisoma makala yenyewe, umeipata kwa mtu mwengine aloinukuu, basi hujui kitenzi cha asili kilikuwa nini, na hiyo ndo njia kubwa ya "inaendana" kugeuka "imethibitishwa": kila mkono unaopita unakaza kidogo.

Halafu chunga "imethibitishwa kitaalamu" na "inasemekana", zote mbili zinaficha msemaji. Sura yako inataja msikiti wa Kizimkazi, na umeandika "imethibitishwa kwamba ulijengwa na Washirazi mwaka 1107." Maandishi ya Kiarabu kwa hati ya Kikufi kwenye mihrabu yanataja mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 Miladia. Yanataja, hilo ni sahihi na linatosha. Jengo lenyewe kwa sehemu kubwa lilijengwa upya karne ya 18, na kusema kwamba maandishi yale yanaonyesha mkono wa Kishirazi ni tafsiri ya wataalamu, si jambo la kupachika kwenye kitenzi kisicho na mwenyewe. Tafuta nani kaitoa tafsiri hiyo, mpe jina lake, umpe "anahusisha" au "anatafsiri" kulingana na alivoandika. Sentensi hiyo msimamizi hajaikata, lakini kwangu ina shida kubwa kuliko ile ya Brielle, kwa sababu pale angalau yupo mtu wa kumuuliza.